Mstari Uliokolea Haujasema Yai Limetoka

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alinijia siku moja na daftari la shule. Ndani yake alikuwa amebandika kwa selotepu stripu 31 za mkojo, zile za kutafutia siku ya kupevuka kwa yai, zimepangwa mwezi baada ya mwezi kama risiti za duka. Kila stripu ilikuwa na tarehe pembeni, lakini hakuna hata moja iliyoandikiwa saa. Akaniambia, "Wifi, wewe ndiye unayeshinda na mikojo ya watu, hebu nisomee na hii ya kwangu."

Ni kweli ninashinda nayo, kwa kuwa ninafanya kazi ya maabara hapa Tanga kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Lakini daftari lile lilinifundisha kwamba kutumia kipimo kila siku na kukielewa ni mambo mawili. Nilikaa nalo jioni nzima, na kwa miezi miwili iliyofuata tukafuatana naye hatua kwa hatua. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona, kwa ruhusa yake, pamoja na maelezo ya kwa nini stripu isiyo na kasoro yoyote inaweza kumpoteza mtu mwenye akili zake.

Kwanza tuseme stripu hupima nini. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, ndani ya ovari hukua kifuko kimoja chenye yai, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyomwaga estrojeni nyingi zaidi katika damu. Kwa siku nyingi estrojeni hiyo huizuia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, isitoe homoni zake kwa wingi. Kisha hutokea jambo la ajabu kidogo: estrojeni ikishapanda vya kutosha na kukaa juu kwa takribani siku mbili, kizuizi kile kile hugeuka kuwa kichocheo. Pituitari, ambayo ilikuwa imejilimbikizia akiba, huimwaga kwa pamoja homoni iitwayo homoni ya kuluteinisha, ambayo sote kazini tunaiita LH. Huo ndio mfumuko wa LH. Katika damu, kiwango ambacho kwa kawaida hucheza chini ya uniti 10 kwa lita huweza kupanda hadi mara tano au mara kumi ndani ya saa chache, kisha kikashuka tena, na tukio zima huchukua kama siku mbili. Yai hutoka saa 34 hadi 36 hivi tangu mfumuko uanze.

Figo huchuja sehemu ya homoni hiyo na kuipitisha kwenye mkojo, ikiwa imechelewa saa kadhaa nyuma ya damu. Kwa hiyo anayepima mkojo anasikia habari ya jana jioni leo mchana. Kwa kawaida ucheleweshaji huo hauharibu kitu, kwa sababu baada ya stripu kukolea bado yai lina muda wa saa 24 hadi 36 hivi kabla ya kutoka. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kati ya pituitari na macho yako kuna damu, kuna figo, kuna kibofu, kuna maji uliyokunywa, na kuna karatasi, na kila mmoja wa hao wapita njia ana nafasi ya kubadilisha habari.

Stripu yenyewe ni utando mwembamba wa nitroselulosi uliobandikwa juu ya plastiki. Mkojo ukipanda kutoka kwenye ncha, kwanza hukutana na pedi ndogo iliyokaushiwa kingamwili zilizoshikamana na chembechembe za dhahabu. Ni dhahabu kweli, ila imesagwa ndogo mno kiasi kwamba rangi yake huwa nyekundu ya zambarau badala ya kung'aa. Kingamwili hizo huikamata LH upande mmoja, kisha mzigo huo husafiri na mkojo hadi kwenye mstari wa T, ambako kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye utando huikamata LH ile ile upande wa pili. Homoni hubanwa katikati kama nyama katika sambusa, na dhahabu iliyoambatana nayo hujikusanya pale na kuonekana kama mstari. Dhahabu iliyobaki huendelea hadi mstari wa C, ambao huinasa kingamwili yenyewe bila kujali kama imebeba LH au haikubeba.

Hapa ndipo kosa la kwanza la watu wengi huzaliwa, maana wamezoea kipimo cha mimba. Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili ukionekana hata kwa kufifia, jibu huwa ni ndiyo, kwa kuwa mwanamke asiye na mimba hana kiasi cha maana cha homoni ya mimba. LH haiko hivyo. Ipo mwilini kila siku ya mwezi, kwa hiyo mstari wa T hafifu unaweza kuonekana siku yoyote, na hautangazi chochote. Stripu nyingi za bei nafuu huandikwa kwenye pakiti 25 mIU/mL, maana yake zimetengenezwa ili mstari wa T uufikie mstari wa C kwa kukolea pale mkojo unapofikisha takribani uniti 25 za LH katika kila lita. Jibu ni ndiyo pale tu T inapolingana na C au inapoizidi. Jambo jingine ambalo pakiti haisemi ni kwamba LH ikiwa nyingi sana, dhahabu kubwa huishia kwenye T na kidogo hubaki kwa ajili ya C, hivyo C hufifia. Ukiona C imepauka siku T imekolea, usidhani stripu imeharibika. C isipotokea kabisa, hapo ndipo stripu imekufa na haifai kusomwa.

Sasa turudi kwenye daftari.

Ukurasa wa mwezi wa kwanza ulikuwa na stripu tano tu, za siku ya 12 hadi ya 16, zote zikiwa na T hafifu. Chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sipevuki." Nilimuuliza alinunua ngapi, akasema tano, kwa kuwa muuzaji wa duka la dawa alimwambia yai la kila mwanamke hupevuka siku ya 14. Nikamuuliza hedhi iliyofuata ilikuja lini. Akahesabu vidole, akasema siku 33 tangu ile iliyotangulia.

Hesabu hiyo peke yake ilitosha. Sehemu ya mzunguko inayotangulia kupevuka ndiyo inayorefuka na kufupika. Sehemu inayofuata, tangu yai litoke hadi hedhi ije, haibadiliki sana kama hiyo, na kwa wengi huwa kama siku 14, wengine 12 au 13. Mwezi wa siku 33 maana yake yai lilitoka karibu na siku ya 19 au ya 20. Alipoacha kupima siku ya 16, mfumuko ulikuwa bado haujafika. Ndiyo maana kanuni ya kuanza kupima huhesabiwa kutoka mwisho: chukua mzunguko wako mfupi kuliko yote ya miezi ya karibuni, ondoa 17, uanzie siku hiyo. Kumi na saba ni zile 14 za mwisho pamoja na siku tatu za tahadhari. Mizunguko ya wifi ilikuwa kati ya siku 27 na 33, kwa hiyo alipaswa kuanza siku ya 10 na kuendelea mpaka stripu ikolee, hata kama ni siku ya 20. Stripu tano hazimtoshi mwanamke wa namna hii, na muuzaji aliyempa tano hakumuuzia kipimo, alimuuzia wasiwasi.

Alikuwa pia akipima alfajiri, kwa mkojo wa kwanza, tena kwa sababu ya mazoea ya kipimo cha mimba. Kwa wanawake wengi pituitari huanza kumwaga LH usiku wa manane kuelekea asubuhi, na mkojo wa alfajiri umekusanywa tangu saa ambazo mfumuko ulikuwa haujaanza au ndiyo kwanza unaanza. Ndiyo maana maelekezo mengi hupendekeza kati ya saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, saa ile ile kila siku. Kwa mwenye mfumuko mpana hili si tatizo kubwa, kwani asipouona leo ataukuta kesho. Lakini wapo ambao mfumuko wao ni mfupi, unapanda kwa kasi na kushuka ndani ya nusu siku hivi, na hao wakipima mara moja tu kwa siku wanaweza kuupita kama basi lililopita ukiwa umeinama kufunga kiatu.

Ukurasa wa mwezi wa pili ndio ulionikalisha kitako. Jirani alimshauri apime mara mbili kwa siku, naye akafanya hivyo kwa siku nane, stripu 16. Nyingi za kwanza katika kila jozi zilikuwa zimekolea, za pili zote zimefifia: iliyokolea, iliyofifia, iliyokolea, iliyofifia, kama nguo ya mistari. Hakuna homoni ya mwanadamu inayopanda na kushuka kwa mtindo huo kila siku. Nikatazama tarehe, nikaelewa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Alikuwa akipima alasiri, akiwa hajanywa tone la maji tangu daku, kisha akipima tena saa 4 usiku baada ya futari, uji, juisi na maji ya kufidia siku nzima ya joto la pwani.

Stripu haijui figo zimetoa LH kiasi gani kwa jumla. Inajua tu kila mililita ya mkojo imebeba kiasi gani. Tuseme kwa saa kadhaa figo zimetoa kiasi fulani cha LH. Kikiwa kimeyeyuka katika mililita 100 za mkojo wa njano iliyoiva, kipimo kinaweza kuwa 30, na mstari utakolea. Kiasi kile kile kikiyeyuka katika mililita 300 za mkojo mweupe, kipimo ni 10, na mstari utafifia. Mwili haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maji. Kwa mwenye LH ya kawaida iliyo chini sana, mkojo mzito peke yake kwa kawaida hautoshi kumfikisha 25, lakini kwa mwenye LH ya juu kidogo au aliye siku za kukaribia mfumuko unatosha kabisa. Tunaposema mtu asinywe maji mengi saa mbili kabla ya kupima, lengo ni mkojo wa aina moja kila siku, si kujikausha. Aliyefunga afadhali achague saa moja asiyoibadilisha, na ajue kwamba stripu za Ramadhani hazilinganishwi na za Shawwali.

Hata hivyo maji hayakueleza yote. Baadhi ya stripu zilizokolea zilikuwa zimekolea kupita kiasi, na rangi yake ilikuwa ya kahawia kidogo. Nikamuuliza, "Wifi, ulikuwa unasoma baada ya dakika ngapi?" Akacheka. Alikuwa akizitumbukiza, anaziacha juu ya kioo cha bafuni, anakwenda kusali au kupakua chakula, kisha anazisoma akirudi. Nyingine alizisoma siku ya pili wakati wa kubandika.

Stripu husomwa kwa dakika. Nyingi husomwa dakika ya tano, na baada ya dakika 10 hazifai tena. Mkojo unapokauka, maji huondoka na dhahabu iliyokuwa bado imetapakaa kwenye utando hujikusanya penye mistari, hasa T. Stripu iliyokuwa hapana dakika ya tano inaweza kuwa ndiyo dakika ya arobaini. Kwa hiyo lile daftari zuri, lililobandikwa kwa uangalifu wote, lilikuwa kumbukumbu ya namna stripu zinavyokauka Tanga. Tangu siku hiyo anapiga picha kwa simu ikifika dakika ya tano, karibu na dirisha lile lile, na simu inamwekea saa yenyewe.

Na kwa kuwa tumegusa Tanga: pakiti nyingi huandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Chumba chenye bati bila dari mwezi wa Februari huvuka 30 kabla ya adhuhuri, na bafu lina unyevu kuliko popote ndani ya nyumba. Kila stripu huja katika karatasi yake ya foili pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Ikifunguliwa inatumika papo hapo. Wifi alikuwa akizifungua zote pamoja ili asipoteze muda asubuhi.

Ukurasa wa tatu ulikuwa tofauti. Alipima mara moja kwa siku, mchana, siku ya 10 hadi ya 19. Nne za kwanza zilikuwa hafifu, ya siku ya 14 na ya 15 zilikolea, kisha zilizobaki zikarudi kufifia. Hedhi ilikuja siku ya 28. Hata ukizingatia makosa ya kusoma, hilo ndilo umbo la mfumuko wa kweli: kimya, mlipuko wa siku moja au mbili, kimya, kisha hedhi baada ya siku 13 au 14. Wanandoa walikutana siku zote zilizofaa, kuanzia siku ya 11. Siku hizo kwetu tunaziita siku za hatari, jina ambalo lilitungwa na asiyetaka mtoto. Mimba haikuingia. Peke yake hilo si la kushangaza, kwani hata wawili wenye afya kamili mara nyingi hupita mwezi bila kitu. Lakini miaka miwili ya kutafuta mtoto ilikuwa imeshapita, na hapo nikamwambia daftari limefika mwisho wa uwezo wake, twende kwa daktari.

Daktari alitazama stripu kwa adabu, akaziweka kando, akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila nikitoa majibu tangu siku ile: "Hizi zinaniambia pituitari imeamuru. Sijaona popote kwamba ovari imetii."

Mwezi wa nne alimfuatilia kwa altrasaundi. Siku ya 14 kifuko kilichokomaa kilikuwa na milimita 19, ambayo ni saizi nzuri ya kifuko kinachokaribia kupasuka. Siku ya 15, saa 1 jioni, stripu yake ilikolea kuliko C, imesomwa dakika ya tano, imepigwa picha, mkojo wa kawaida. Siku ya 17 tulitarajia kukuta kifuko kimepasuka na kusinyaa. Kilikuwa na milimita 24, duara vilevile. Siku ya 19 kilikuwa na 29, na ndani yake kumeanza kuonekana ukungu. Siku ya 22 nilimtoa damu mimi mwenyewe kwa ajili ya projesteroni, homoni inayopanda baada ya kupevuka, nayo ilikuwa 7 kwa nanogramu katika mililita, wakati chochote kinachozidi 3 kwa kawaida tungekihesabu kuwa ushahidi kwamba yai limetoka. Joto lake la asubuhi pia lilikuwa limepanda kutoka 36.4 hadi 36.7. Kila kitu kilisema ndiyo isipokuwa picha.

Hali hiyo inajulikana: kifuko hupokea amri ya LH, hubadilika kuwa tezi ndogo ya kutengeneza projesteroni kama kawaida, lakini ukuta wake haupasuki, na yai hubaki limefungiwa ndani. Stripu haiwezi kuiona kwa sababu mfumuko ulikuwapo kweli. Kipimajoto hakiwezi kuiona kwa sababu joto hupandishwa na projesteroni, na projesteroni ipo. Damu pia haiwezi kuiona, kwa sababu hiyo hiyo. Hili ndilo jambo ambalo mimi, na miaka yangu yote ya maabara, sikuwa nimelitia akilini, kwani nilikuwa nimezoea kuona projesteroni ya 7 na kuandika bila kusita kwamba mwanamke amepevuka.

Kisha daktari akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: unatumia dawa gani? Wifi akasema hatumii dawa yoyote. Akaulizwa tena, hata za maumivu? Akasema, "Aa, hizo tu za mgongo." Za mgongo zilikuwa diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni, aliyojinunulia dukani karibu kila siku tangu aanze kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Kwake haikuwa dawa. Ilikuwa kitu cha kununua pamoja na vocha.

Ili ukuta wa kifuko upasuke, LH huamsha ndani yake utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zile zile zinazoleta maumivu na uvimbe kwingine mwilini. Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na jamaa zao hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na hazichagui ni za mgongo au za ovari. Mwaka 2015 watafiti wa Baghdad waliwasilisha utafiti mdogo wa wanawake 39 wenye maumivu ya mgongo, waliopewa dawa za kundi hili au kidonge kisicho na dawa kwa siku 10 kuanzia siku ya 10 ya mzunguko. Waliotumia dawa walipevuka wachache mno ukilinganisha na wasiotumia, na diklofenaki ndiyo iliyozuia zaidi. Utafiti wa watu 39 hautoshi kutunga sheria, na wanawake wengi hushika mimba huku wakimeza dawa hizi. Vilevile kifuko kinaweza kukataa kupasuka mwezi mmoja bila dawa yoyote na bila sababu inayojulikana, kwa hiyo mwezi ule mmoja haukuthibitisha kwamba diklofenaki ndiyo mkosaji. Ulitosha tu kumfanya daktari aseme tujaribu mwezi mmoja bila hiyo, na mgongo utulizwe kwa parasetamoli, ambayo haizuii prostaglandini za huko kwa kiasi hicho.

Kabla ya kufika mwezi wa tano, niseme kuhusu kundi jingine la wanawake, kwa kuwa hao ndio hasa wanaopoteza fedha nyingi kwenye stripu. Ni wale wenye hali ambayo madaktari huiita PCOS, ambapo ovari hujaa vifuko vidogo vingi ambavyo havikomai kwa urahisi, na hedhi huja baada ya siku 40, 60 au zaidi. Kwa wengi wao LH hukaa juu wakati wote. Stripu ya kiwango cha 25 kwa mwanamke kama huyo inaweza kukolea siku tano mfululizo, ikalegea, ikakolea tena wiki ijayo, kwa sababu haioni mlipuko bali inaona uwanda ulioinuka. Wakati mwingine ni mfumuko wa kweli uliojaribu ukashindwa, kisha ukajaribu tena. Dalili ya kutambua hali hii ni urefu: mfumuko wa kawaida hauchukui wiki. Anayeona mistari iliyokolea kwa siku nyingi ana habari ya maana ya kumpelekea daktari, ila siyo habari aliyoinunua. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi naye huingia katika mkumbo huo, kwani pituitari yake hupaza sauti kadiri ovari zinavyozidi kutosikia.

Dawa za kusaidia kupevuka nazo huleta mkanganyiko wake. Klomifeni huichochea pituitari, na ukipima ukiwa bado unaimeza au siku moja mbili baada ya kidonge cha mwisho, unaweza kusoma klomifeni badala ya mfumuko. Ni vizuri kusubiri siku tatu. Sindano ya hCG, ile homoni ya mimba, ni balaa zaidi kwa anayepima, kwa kuwa hCG na LH zimefanana kama mapacha na stripu nyingine hazizitofautishi. Kwa sababu hiyo hiyo mimba changa inaweza kuikoleza stripu ya LH, lakini anayeshuku mimba anunue kipimo cha mimba, chenye bei ile ile na jibu la wazi.

Na wapo wanaozinunua ili wasipate mimba. Hesabu yao haikai. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, na stripu hutoa taarifa siku moja au moja na nusu kabla ya yai. Mstari unapokolea, mbegu za juzi zimeshafika na kuketi.

Mwezi wa tano wifi aliacha diklofenaki siku ya kwanza ya hedhi. Alianza kupima siku ya 10, mara mbili kwa siku, saa 6 mchana na saa 1 jioni. Siku ya 16 mchana T ilikuwa nusu ya C. Jioni ikalingana nayo. Siku ya 17 mchana C yenyewe ikapauka. Siku ya 19 tulikuwa kwenye chumba cha altrasaundi, yeye amelala, mimi nimesimama karibu na skrini. Mtaalamu wa picha alizungusha kifaa kwa muda mrefu upande wa kulia. Kifuko cha milimita 21 kilichoonekana siku ya 16 hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kitu kidogo chenye kingo zilizokunjamana, na nyuma ya kizazi kulikuwa na ukanda mwembamba mweusi wa majimaji.

"Limetoka?" akauliza wifi.

"Limetoka," mtaalamu akajibu, akaanza kumpangusa mafuta tumboni kwa karatasi.

Tulipotoka nje akafungua mkoba, akanionyesha stripu sita zilizobaki, zote zikiwa bado ndani ya foili zake, akauliza kama zitafika mwezi ujao. Nikaangalia tarehe ya mwisho, nikamwambia zitafika, ila azitoe bafuni.